Je, wajua? Stiki ya akedi kwa kompyuta, teke mahali pa ngumi na lagi isiyo yake

"Nimeunda stiki na Pico, kompyuta inaiona poa lakini nikibonyeza ngumi inatoka teke, halafu kwa Tekken ni kama inachelewa. Ni stiki mbovu ama ni nini?"

Hapana, stiki yako labda ni nzima. Gemu haijui batani imekaa wapi kwa boksi, inasikia jina tu. Ukibonyeza ya kwanza kushoto juu, kompyuta inaambiwa "A" ama "X", majina ya batani za Xbox, kulingana na vile hiyo waya imepewa jina ndani ya Pico, ile bodi ndogo inayosoma batani, na Tekken ikisikia X inarusha mkono wa kushoto, Y mkono wa kulia, A mguu wa kushoto, B mguu wa kulia. Sasa watu wengi wakiunganisha waya huenda kwa mpangilio wa kawaida, moja mbili tatu nne kutoka kushoto, so safu ya juu inakuwa A, B, X, Y. Ndio maana batani zako mbili za kwanza juu zinatoa mateke, na sitashangaa ukiniambia mikono imejificha hapo mbele, kwa batani ya tatu na ya nne.

Mpangilio wenye stiki nyingi za batani nane hutumia ni huu:

```
X  Y  RB  LB
A  B  RT  LT
```

Mikono juu, miguu chini, na Tekken inakaa kwa zile nne za kushoto kama mraba. Kwa Street Fighter ngumi tatu zinakuwa X, Y, RB na mateke A, B, RT, nyepesi kuelekea nzito, hata hauingii kwa setingi. Kama Pico yako iko na programu ya GP2040-CE usichomoe waya hata moja. Toa USB, shikilia Start ukiichomeka tena, fungua brauza uandike:

```
http://192.168.7.1
```

Ingia kwa ukurasa wa pini ubadilishe majina. Huko X inaitwa B3, Y ni B4, A ni B1 na B ni B2, RB ni R1 na RT ni R2, hivyo hivyo kwa L. Unaweza pia kubadilisha ndani ya gemu yenyewe lakini mimi siipendi hiyo njia, kwa sababu gemu inayofuata utaanza upya, na ukienda na stiki yako kwa beste ndio hiyo teke tena.

Ukimaliza, kwa Windows bonyeza Win+R, andika `joy.cpl`, chagua stiki yako halafu Properties. Bonyeza moja moja ukiangalia taa. Hapa kuna kitu hukosesha watu usingizi bure: RT na LT haziwashi taa yoyote. Windows inazisoma kama mhimili wa Z, so angalia ule mstari, RT inauvuta upande mmoja na LT upande ule mwingine, na ukizishika zote mbili unarudi katikati kama hakuna kitu kimebonyezwa. Batani ziko sawa, usianze kulehemu. Na kama hapo kila kitu kiko sawa lakini ndani ya gemu bado kumechanganyika, ni Steam inakupangia upya: kwa Properties za hiyo gemu, upande wa Controller, weka Disable Steam Input.

Upande wa kuelekeza, ukisukuma juu na inasoma chini, jua tu kwamba rungu ya stiki imeshikwa katikati, ukisukuma juu sehemu ya chini inaenda kinyume na swichi inayobonyezwa ni ile ya chini. Badilisha hayo majina mawili na umemaliza.

Suala la kushoto na kulia kwa pamoja halikuhusu sana kama uko na rungu moja, haiwezi kuenda pande mbili. Lakini kama boksi yako ni batani tupu, vidole vinaweza kushika zote, na hapo Pico lazima iamue. Hiyo setingi inaitwa SOCD. Weka Neutral, yaani kushoto na kulia zikishikwa pamoja hakuna upande unaosomwa, na juu na chini vilevile. Ile ya "wa mwisho anashinda" ni tamu sana: Guile wa Street Fighter ameshikilia nyuma, anagusa mbele kidogo na ngumi bila kuachilia nyuma, bomu linatoka na papo hapo anaanza kuchaji tena. Kwa sababu hiyo Capcom waliikataza kwa mashindano yao ya Capcom Pro Tour, so ukiizoea nyumbani utaenda kuumia mbele ya watu. Kupima ni rahisi, ingia mazoezini uwashe ile orodha inayoonyesha unachobonyeza, shikilia kushoto kisha ongeza kulia, halafu uanze na kulia uongeze kushoto. Mara zote mbili mshale unatakiwa upotee.

Sasa kuchelewa. Hapa ndio watu hulaumu stiki bila kupima. GP2040-CE inaongea na kompyuta mara 1000 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 1, na gemu inaenda fremu 60 kwa sekunde, kila fremu ni kama milisekunde 16.7. So stiki kula hata fremu moja ni ngumu. Mshukiwa wangu wa kwanza ni tivii, kama ndiyo unachezea.

Chukua simu yenye slomo ya fremu 240 kwa sekunde, kila fremu ya video hapo ni kama milisekunde 4.2. Iweke mahali inaona kidole na skrini pamoja, bonyeza ngumi, halafu pitisha video fremu kwa fremu, uhesabu kutoka batani imefika chini mpaka mhusika aanze kusonga. Tuseme umepata 24, hiyo ni milisekunde 100. Usishtuke, ndani yake kuna gemu yenyewe, kadi ya picha na skrini, si stiki peke yake. Na bonyeza mara kumi uchukue wastani, kwa sababu kidole kinaweza kuangukia mwanzo ama mwisho wa fremu ya gemu na jibu likaruka fremu tatu nne za video bila kitu chochote kubadilika.

Halafu rudia na kibodi, gemu ile ile, skrini ile ile. Kibodi ikitoa 24 ama 25, stiki imeachiliwa huru. Kibodi ikitoa 15 na stiki 24, hapo sawa, kuna kitu kati ya batani na USB, na hapo tunaanza kuangalia Pico.

Kama zimelingana, badilisha kitu kimoja tu: washa Game Mode kwa tivii, pima tena. Ukishuka kutoka 24 mpaka 17 umeokoa fremu saba za video, milisekunde 29 hivi, karibu fremu mbili za gemu. Kwa Tekken jab nyingi huchukua fremu 10, so hizo mbili utazihisi ukijaribu kuadhibu mtu. Baada ya hapo zima V-Sync, ile setingi inayofanya gemu isubiri skrini, upime tena, picha inaweza kukatika katika kidogo, utaamua mwenyewe kama unavumilia. Ukitaka skrini mpya pia, nenda Luthuli pale Nairobi na stiki na laptopu kwa begi, umwambie mwenye duka akuchomekee upige slomo hapo hapo, kwa sababu ile "1ms" wameandika kwa boksi mara nyingi ni ya rangi kubadilika, haisemi chochote kuhusu muda wa picha kufika.