Kilo zilikuwa sawa, mtungi ndio haukuwa sawa

Mama lishe mmoja wa Temeke, ambaye majiko yake huwa nayafunga mimi, alinitumia picha ya mtungi wa kilo 15 na sauti ya sekunde nane: "Fundi, huyu kijana wa gesi kanipiga kilo mbili. Angalia mwenyewe." Alikuwa ameupima kwenye mizani ya duka la mchele la jirani yake, ukaja kilo 31.2. Kwenye kola, lile duara la chuma linalozunguka vali na ambalo ndilo tunashikia, alisoma T.W. 18.3. Akatoa, akabaki na kilo 12.9 za gesi. Alilipia 15.

Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. T.W. ni uzito wa mtungi ukiwa mtupu, vali ikiwa mahali pake. Ukiujumlisha na kilo za gesi unapata uzito ambao mtungi uliojaa unatakiwa kuwa nao. Kila mtungi una T.W. yake, hata kama yote ni ya kampuni moja na rangi moja, kwa hiyo anayekwambia "mitungi ya 15 yote ina uzito sawa" mpuuze. Na alipopima alikuwa ameshaondoa regyuleta na mpira, jambo ambalo wengi husahau halafu wanajikuta wana gesi ya ziada kwenye makaratasi.

Tatizo lilikuwa kwenye picha. Namba za kwenye kola hazichapwi kwa wino. Zinagongwa kwenye chuma, kisha mtungi unapakwa rangi, na kila ukirudi kiwandani unaweza kupakwa tena juu yake. Baada ya miaka kadhaa mashimo ya namba yamejaa rangi. Yeye alipiga kwa flashi, na flashi inayotoka mbele inafuta vivuli vyote. Bila kivuli, 6 na 8 ni ndugu, 1 na 7 ni mapacha. Nilimwambia azime flashi, achukue simu ya binti yake awashe tochi, ailaze ubavuni mwa kola ili mwanga upite juu ya namba kama jua la saa kumi na mbili jioni, halafu apige picha na simu yake kwa kamera ya nyuma. Kamera ya mbele kwenye simu nyingine inageuza picha kama kioo, na kwa bahati mbaya T na W hazibadiliki sura zikigeuzwa, kwa hiyo hutagundua haraka.

Kama tochi haitoshi, paka unga kidogo wa ngano au vumbi la chaki kwenye kola kisha pangusa kwa kiganja. Unga unabaki kwenye mashimo ya namba. Usikwangue rangi kwa kisu.

Picha ya pili ilikuja. Haikuwa 18.3. Ilikuwa 16.3, tumbo la juu la ile "8" lilikuwa ni tone la rangi lililoganda. Sasa 31.2 toa 16.3 ni 14.9. Pungufu ya gramu 100 kwenye mizani ya mchele sitagombana na mtu. Yule kijana alikuwa hana kosa, na nilimwomba mama ampigie simu kabla habari haijafika mtaa wa pili.

Pembeni ya T.W. kulikuwa na W.C. 35.7 L. Hiyo ni lita za maji zinazoingia mtungi ukijazwa mpaka juu, na ni namba ya kukagulia nyingine. Kwa gesi yetu ya kupikia, wajazaji huweka takriban kilo 0.42 kwa kila lita ya ujazo huo, ili ibaki nafasi ya kimiminika kutanuka kikipata joto. Zidisha 35.7 kwa 0.42 upate 15 kasoro kidogo sana. Mtungi mdogo wa kilo 6 mara nyingi utaukuta na 14.4 L, nao hesabu inakubali. Mtu akikuuzia "kilo 15" halafu W.C. inasema lita 26, usihangaike hata kutafuta mizani.

Hapo ningefunga simu. Lakini kwenye ile picha ya pili, upande wa kushoto, tochi ilikuwa imeibua kitu kingine: T.P. 30 BAR, na chini yake 06 09.

T.P. ni shinikizo ambalo mtungi ulijaribiwa nalo kwa maji, siyo shinikizo la gesi iliyomo. Ile 06 09 ndiyo ilinikalisha. Ni mwezi na mwaka, ila inaweza kuwa Juni 2009 au Septemba 2006, kwa sababu wengine huanza na mwaka. Kwa huyu mama haikuwa na tofauti. Kipindi cha kupima tena hutegemea kiwango kinachofuatwa, na miaka 10 ni kawaida. Kwa vyovyote mtungi huu ulikuwa umepitiliza. Nikamwomba auzungushe taratibu apige kola yote, kwa sababu tarehe ya kupimwa upya hugongwa pembeni ya ile ya kwanza au huwekwa kwenye kibati. Picha nne, hakuna tarehe ya pili.

Akaniuliza, "Kwa hiyo gesi imeexpaya?" Hapana, gesi haiozi. Kinachochoka ni chuma, hasa lile duara la chini linalokaa kwenye sakafu yenye maji ya kuoshea vyombo, na mipira iliyo ndani ya vali. Nilimwambia apige na kitako. Kutu ilikuwa imeanza kumenyeka kwa magamba. Tukakubaliana aurudishe ukiwa haujaguswa, na muuzaji aliubadilisha bila maneno.

Kuna ujumbe wa WhatsApp nimetumiwa zaidi ya mara moja, unaosema tafuta herufi A, B, C au D na mwaka, eti ndiyo siku ya mtungi kulipuka. Huo ni utaratibu wa India: A ni Januari hadi Machi, D ni Oktoba hadi Desemba, na inaonyesha ni lini mtungi unatakiwa kupimwa tena. Ukiona D kwenye mtungi wako hapa Dar inaweza kuwa alama ya mtengenezaji tu. Tafuta mwezi na mwaka.

Jioni akanitumia picha ya mtungi mpya, safari hii mwanga wa ubavuni bila kuambiwa: T.W. 15.9, 2021/11. Vizuri. Kwenye picha hiyo niliona pia mishale miwili inayoelekea upande wa vali, karibu na ile alama nyekundu ya moto, na mtungi wenyewe ulikuwa bado umelazwa kwenye bodaboda kama gunia la mkaa. Mishale ile ina maana mtungi usimame, kwa sababu ndani yake gesi ni kimiminika chini na mvuke juu, na vali imewekwa ichukue mvuke. Ukiulaza, kimiminika kinafika kwenye vali, na lita moja ya kimiminika inatoka kuwa takriban lita 250 za mvuke. Regyuleta haikutengenezwa kwa hilo. Moto unaruka mrefu wa njano jikoni.

Nikamwambia ausimamishe, auache utulie nusu saa, ndipo afunge regyuleta. Akajibu, "Wateja wa chai wananisubiri, fundi." Nikamwambia awashe mkaa kwa leo.