Je, wajua kwa nini shura hupoza maji?

"Nikikoroga shura kwenye maji, glasi inakuwa baridi mkononi. Sijatia barafu wala kuiweka kwenye friji. Hiyo baridi inatoka wapi, na inapimwaje?"

Joto lililokuwa ndani ya maji limetumika kuivunja shura. Shura, yaani nitrati ya potasiamu, KNO₃, ni punje za ioni zenye chaji chanya na chaji hasi zilizoshikana kwa nguvu. Kuzitenganisha kunadai nishati. Zikishaachana, molekuli za maji huzizunguka kila ioni na kuishika, na huko kushikwa hurudisha nishati. Kwa shura, kinachorudi hakifikii kilichotumika. Pengo hujazwa kutoka kwenye joto la maji yenyewe, na ndiyo maana glasi hupoa. Kloridi ya kalsiamu ni kinyume chake: maji huzishika ioni zake kwa nguvu kiasi kwamba kinachorudi hupita kilichotumika, na chombo kinapata moto. Chumvi ya mezani nayo iko katikati. Inachukua takriban kilojuli 4 tu kwa moli, yaani kipimo cha wanakemia cha wingi wa chembe, kwa hiyo kijiko kimoja kwenye glasi hupunguza joto kwa nusu nyuzi hivi, na kidole hakiwezi kuhisi tofauti hiyo.

Pengo hilo ndilo wanakemia wanaloliita enthalpia ya mmumunyo, na kulipima hakuhitaji mitambo. Chukua vikombe viwili vya povu jeupe, vile vya kahawa ya kubeba, uvipachike kimoja ndani ya kingine, kisha utafute kifuniko chenye tundu la kupitisha kipimajoto. Bika la kioo halifai sana, kwa sababu kioo chenyewe kina joto lake na hulitoa kwa maji. Mimina maji gramu 100 na usome joto kila nusu dakika mpaka litulie. Tuseme limetulia kwenye nyuzi 27. Sasa tia shura gramu 5.05, ambazo ni moli 0.05, ikiwa imesagwa laini. Koroga, na uendelee kusoma.

Kipimajoto kinashuka, kinafika nyuzi 23.3, halafu kinaanza kupanda taratibu. Hapa wanafunzi wengi hukosea: huchukua ile 23.3 na kuanza hesabu. Lakini shura haikuyeyuka papo hapo. Wakati punje za mwisho zinayeyuka, joto la chumba lilikuwa limeshaanza kupenya kikombe, kwa hiyo maji hayakufika chini kabisa kama yangefika kama chumba kisingeingilia. Chora grafu ya joto dhidi ya muda. Uchukue ule mstari wa kupanda, uurefushe kwa rula kurudi nyuma hadi dakika uliyotia shura. Katika mfano wetu unakutana na nyuzi 23.0, kwa hiyo mshuko halisi ni nyuzi 4.0.

Hesabu ni Q = m × c × ΔT. Uzito wa mmumunyo ni gramu 105, na c, yaani juli zinazobadilisha joto la gramu moja kwa nyuzi moja, tunaichukua kuwa 4.18 kama ya maji: 105 × 4.18 × 4.0 inatoa juli 1756 hivi. Gawanya kwa moli 0.05, upate kilojuli 35 kwa moli, kwa alama ya kujumlisha kwa kuwa joto limeingia kwenye shura. Vitabu vinatoa 34.9. Ungeitumia ile 23.3 ungepata 32.5. Usidanganyike na ukaribu wa 35 na 34.9 lakini: c ya mmumunyo ni ndogo kidogo kuliko ya maji, na kikombe nacho kimetoa joto lake kidogo. Makosa hayo mawili huvutana pande tofauti. Jibu lako likitoka dogo mno, angalia kwanza chini ya kikombe. Mara nyingi kuna punje zimelala hapo hazijayeyuka.

Basi kwa nini shura iyeyuke, ilhali inalipia nishati? Kwa sababu ioni zikiwa zimetawanyika majini zina namna nyingi mno za kujipanga kuliko zikiwa zimefungwa kwenye punje, na maumbile huelekea huko. Msukumo huo wa kutawanyika huongezeka joto likipanda. Maji ya nyuzi 60 huyeyusha shura gramu 110 hivi kwa kila gramu 100 za maji, ya nyuzi 20 gramu 32, na ya nyuzi sifuri gramu 13 tu. Kwa hiyo kupoa kunajiwekea mpaka wenyewe: kadiri maji yanavyopoa, ndivyo yanavyoikataa shura zaidi.

Hata hivyo baridi hiyo ilitosha kwa watu wa kale. Katika karne ya 16 huko India, kwenye baraza la mfalme Akbar wa Wamughal, chupa ya maji ya kunywa ilizungushwa ndani ya chombo chenye maji yenye shura. Anayekunywa hakuigusa shura, na vema, maana si ya kunywa. Yale maji ya nje yakikaushwa, punje hurudi, na zinaweza kupoza tena.