Vareniklini haimtii mtu wazimu

"Dokta, mshkaji wangu wa Tandika kaandikiwa vareniklini aache fegi, watu wanasema inatia wazimu, ni kweli?"

Hapana kaka. Hiyo stori ilipata nguvu 2009, Marekani walipoweka onyo kali kwenye boksi, ila 2016 wakaliondoa, baada ya utafiti wa watu kama 8,000, wakiwemo wenye magonjwa ya akili, kutoonyesha ongezeko la maana la matatizo ya akili. Dawa yenyewe inakaa kwenye vipokezi vya nikotini kule kwenye ubongo na kuviamsha nusunusu tu, ndo maana arosto inapungua, na kwa vile siti imeshakaliwa, hata akivuta ile raha haiji.

Kuanza ni miligramu 0.5 kwa siku, siku ya nne mara mbili, siku ya nane miligramu 1 mara mbili, na kawaida hapo ndo sigara inaachwa. Kichefuchefu kipo sana, ameze akishakula, na maji glasi nzima. Ndoto za ajabu nazo kawaida.

Ila akibadilika tabia, akawa na hasira zisizo zake au kuwaza kujiua, asimamishe dawa ampigie daktari siku hiyohiyo. Degedege, uso kuvimba, malengelenge ya ngozi, kifua kubana, hapo hospitali moja kwa moja. Na kama ana shida ya figo aseme mapema, ikiwa kubwa dozi inashushwa.