"Watu wa ng'ambo": uliza kwanza amesema nini

Tuchukue kikao cha wauza dagaa pale mwalo wa Kibirizi. Ajenda ni mikopo isiyolipwa. Mzee mmoja anasema, "Hawa watu wa ng'ambo wametuzoea sana," na kikao kinanyamaza. Kigoma, ng'ambo ni upande wa pili wa ziwa, Kongo. Huenda mzee anawasema wanunuzi wanaovuka na mzigo bila kulipa. Lakini ndani ya kikao wamo akina mama wa Ujiji wenye asili ya Kimanyema, ambao mababu zao walitoka huko zamani. Wao wanaweza kusikia kwamba si wa hapa.

Anayeongoza kikao asimwambie, "Una maana gani?" Kwa Kiswahili chetu maneno hayo ni kama kukunja ngumi. "Kwa nini umesema hivyo?" nayo inamtaka ajitetee kabla hajaeleweka. Mimi hupendekeza hivi:

"Mzee wangu, shikamoo. Hapo uliposema 'watu wa ng'ambo' sijakupata vizuri. Ni wale wanunuzi wanaovuka na mzigo, au kuna wengine unaowakusudia?"

Neno lenye utata limerudishwa kama lilivyotamkwa. Ukisema "ulipowasema Wamanyema", umeshamtwisha tusi ambalo pengine hakulitoa, na mabishano yatahamia kwenye maneno yako. Kutokuelewa umekubeba mwenyewe, kwa hiyo mzee hajaaibishwa mbele ya wadogo zake. Maana ya heri imetangulia, ila mlango wa pili umeachwa wazi. Wengi huuliza, "Hukukusudia kumtukana mtu, sivyo?" Atajibu "hapana", kikao kitaendelea, na wale akina mama wataondoka na donge lao, kwa sababu hakuna aliyejua ng'ambo ni nani.

"Kuzoea" nalo lina utata wake, lakini liache kwanza. Ukiuliza mawili kwa pamoja atachagua lililo rahisi.

Ukishauliza, nyamaza. Hapa ndipo waongozaji wengi huharibu: sekunde chache za kimya zinawatisha, wanaanza kumjibia. Mpe nafasi, na wanaocheka pembeni waombe watulie, maana kicheko humfanya mtu ashupalie neno ambalo angelirekebisha.

Sikiliza jibu linaelekea wapi. Akitaja magunia, deni, siku ya kulipa, alikuwa kwenye biashara. Mshukuru, kisha sema kwa sauti, "Kumbe ni wanunuzi wenye madeni," ili walioumia wasikie. Akianza kutaja ukoo na nani alitoka wapi, umeshapata maana yake, na sasa unaweza kumkanusha kwa jambo alilolisema kweli. Akisema "nilikuwa natania", muulize kwa upole utani huo ni kati yake na nani, kwani utani una watani wake na si kila aliyemo kikaoni ni mtani.

Tusi la wazi haliombewi ufafanuzi. Hilo mtu anaambiwa alifute pale pale.