Cheti kinasema ya jana, daftari linasema ya leo

Kazi yangu ni kuhakiki nyaraka za wataalamu kabla hawajakabidhiwa mradi au hesabu za kampuni. Cheti cha uanachama nakisoma, lakini uamuzi siufanyi juu yake. Cheti kinathibitisha jambo moja tu: kwamba siku kilipotolewa, mtu huyo alikubaliwa. Akiacha kulipa ada ya mwaka, akisimamishwa kwa kosa la kinidhamu au akifutwa kabisa, karatasi iliyoko ukutani kwake haibadiliki hata herufi moja. Kinachobadilika ni daftari la bodi, yaani orodha yake ya waliosajiliwa, na bodi nyingi za wahasibu na wahandisi huliweka wazi mtandaoni ili yeyote aweze kulitafuta.

Kwanza najiuliza daftari ninalolihitaji ni la nani. Nchini Kenya, mitihani ya uhasibu ya CPA hutolewa na bodi ya mitihani ya KASNEB, ilhali wahasibu husajiliwa na taasisi yao, ICPAK. Anayekuletea cheti cha KASNEB amekuonyesha kwamba alifaulu mtihani, bado hajakuonyesha kwamba ni mwanachama. Kwa wahandisi, IEK ni chama chao, na EBK ndiyo bodi inayosajili na kutoa leseni. Uingereza nako, mtu anaweza kuwa mwanachama wa taasisi ya wahandisi bila kuwa na hadhi ya mhandisi aliyeidhinishwa, CEng, ambayo daftari lake liko kwa Engineering Council.

Anwani ya tovuti ya bodi naiandika mwenyewe. Siskani msimbo wa QR uliochapishwa kwenye cheti, kwa sababu anayeweza kughushi cheti anaweza pia kutengeneza ukurasa unaofanana na wa bodi, ukajibu "mwanachama hai" kwa kila anayeuliza.

Kisha natafuta kwa namba ya usajili, halafu kwa jina, na majibu mawili lazima yakutane. Hapa ndipo wengi hukosea. Chukua kampuni iliyoomba kazi ya kusanifu jengo la ghorofa, ikaambatisha cheti cha mhandisi wake mkuu. Ukiandika majina yake matatu, daftari linamtoa: yumo, na usajili wake ni hai. Anayehakiki kwa haraka angeweka alama ya vema na kuendelea. Ukiandika namba iliyo kwenye cheti, hakuna kinachotokea. Rudi basi kwenye ule mstari wa jina, usome kila safu. Namba iliyopo ni tofauti, na fani ni umeme, wakati cheti kinasema ujenzi. Aliye daftarini ni mtu mwingine mwenye majina yaleyale, au ni yuleyule ambaye cheti chake kimebadilishwa fani na namba. Vyovyote iwavyo, cheti kile hakiwezi kutegemewa kwa michoro ya nguzo na misingi hadi bodi yenyewe itoe maelezo.

Safu ya daraja nayo naisoma kwa makini kama hiyo ya fani. Mhandisi mhitimu aliyesajiliwa yumo daftarini kihalali, lakini kwa kawaida hajafikia hatua ya kuidhinisha michoro peke yake. Kwa wahasibu, uanachama ni kitu kimoja na leseni ya kutoa huduma kwa umma ni kingine. Mhasibu mwenye uanachama hai anaweza kuwa mkuu wa fedha hodari kabisa na bado asiwe na ruhusa ya kusaini ripoti ya ukaguzi wa hesabu. Mara nyingi leseni hizo zina orodha yake ya pekee, na ndiyo ya kutafuta kama unachotaka ni mkaguzi.

Daftari lina mipaka yake. Jina linaweza kukosekana kwa sababu ya ndoa, kwa mpangilio tofauti wa majina, au kwa kuwa malipo ya mwaka mpya hayajaingizwa kwenye mfumo. Kwa hiyo jina lisipoonekana simwiti mtu mwongo, namwandikia msajili. Upande wa pili ni mgumu zaidi: kila safu inaweza kulingana, na mwenye jina akawa hajui kabisa kwamba cheti chake kimeambatishwa kwenye maombi ya watu wengine. Hilo daftari haliwezi kulifichua. Nalinganisha kitambulisho, kisha nampigia mhandisi mwenyewe kwa mawasiliano niliyoyapata kwa bodi, nikiacha namba ya simu iliyo kwenye wasifu ulioletwa na kampuni.

Barua kwa msajili naifanya fupi, na siulizi tu kama "ni mwanachama." Naandika majina kamili na namba kama zilivyo kwenye cheti, naambatisha nakala yake, kisha nauliza: je, namba hii ni ya mtu huyu, yuko daraja gani na fani gani, usajili au leseni yake ni hai hadi lini, na je, kuna zuio lolote juu yake? Jibu nalihifadhi pamoja na picha ya ukurasa wa daftari yenye tarehe, na kama mradi utavuka mwaka wa leseni, natafuta upya leseni ikishafika mwisho.