Inpenti ni nini, na promti gani ya kurekebisha mkono ulioharibika au macho yaliyofumba

Inpenti ni kuchora upya kipande kimoja tu cha picha ya AI. Unapaka brashi pale palipoharibika, hapo ulipopaka ndo panaitwa maski, kompyuta inachora upya ndani ya maski na nje inapaacha vile vile. Hilo wengi wanalijua. Linalowashinda watu ni promti, yaani yale maneno unayoiandikia kompyuta ichore nini, maana mtu anachukua ile ile promti ndefu aliyotengenezea picha nzima anaiacha hapo hapo, kisha analalamika ati kiganjani kwa mzee kumetokea sura ndogo ya mzee mwengine. Si utani, hutokea khasa, na sababu yake ipo.

Tuchukue picha moja. Mzee kakaa barazani Mji Mkongwe, kanzu nyeupe, kofia ya viua, mkono wa kulia kashika kikombe kidogo cha kahawa, nyuma yake mlango wa nakshi. Picha ni 512 kwa 768, imetoka modeli ya Stable Diffusion 1.5 kwenye webui ya AUTOMATIC1111. Uso mzuri, mwanga mzuri, ila vidole vimegandana hujui kipi ni kipi, na macho yamefumba.

Kwanza kwa nini mkono umeharibika wakati uso uko sawa. Modeli hii haichori pikseli moja moja, inachora kwenye gridi ndogo ambayo kila chumba chake kinabeba pikseli 8 kwa 8. Sasa mkono wa mzee wetu una upana wa kama pikseli 70, yaani vyumba 9 hivi tu, na ndani ya vyumba 9 kuna vidole vitano, mianya yake, ukingo wa kikombe na kivuli. Haiwezekani kutoka safi hata uandike promti ya kurasa mbili. Dawa yake ni kuukuza kwanza, na ndo kazi ya kile kitufe cha `Only masked` pale kwenye `Inpaint area`. Ukikichagua, programu inakata maski na ukingo kidogo pembeni (hiyo `Only masked padding`, yenyewe inaanza na pikseli 32), inakikuza kile kipande mpaka saizi uliyoweka, tuseme 512 kwa 512, inachora, halafu inakipunguza na kukirudisha mahali pake. Kwa maski ya pikseli 90 kipande kinakuwa kama 154, kikikuzwa mkono wa mzee unatoka vyumba 9 unafika kama 29. Hapo sasa kidole kina nafasi ya kuwa kidole.

Na hapa ndo linapokuja suala la promti. Modeli inapochora kile kipande haioni mzee wala baraza wala mlango, inaona mkono na kikombe tu vimejaa picha nzima. Ukiiambia "mzee kavaa kofia kakaa barazani" itatafuta pa kumweka huyo mzee, na nafasi iliyopo ni kiganja. Kwa hiyo promti ya inpenti inaelezea kilichomo ndani ya kile kipande kilichokatwa, basi. Andika kwa Kiingereza kwani modeli hii ilifundishwa zaidi kwa maelezo ya Kiingereza. Kwa mkono wetu:

```
close-up photo of an old man's hand holding a small white
coffee cup, thumb in front, fingers wrapped behind, brown
skin, white sleeve, soft light from the left
```

Angalia nilichokiweka. Kuna kazi ya mkono, kidole gumba kiko wapi, rangi ya ngozi, nguo inayogusana na mkono, na mwanga unatoka upande gani. Mwanga usiusahau, ukiuacha mkono unaweza kutoka mzuri lakini unang'aa kama umepigwa picha siku nyengine. Wengine wanaandika `five fingers, perfect hand` kwa imani kubwa, mie sioni faida yake, modeli hizi si hodari wa kuhesabu, bora uupe mkono kitu cha kushika kuliko kuuhesabia vidole. Hata `right hand` na `left hand` huzichanganya, ndo maana nimetaja kidole gumba.

Baada ya maneno inakuja `Denoising strength`, hii ndo inaamua modeli iheshimu kiasi gani kilichopo. Ikiwa umbo la mkono lipo ila limefifia tu, weka 0.4 mpaka 0.5 na `Masked content` iache kwenye `original`. Lakini kama vidole vimegandana kama wa mzee wetu, 0.4 itakusafishia ule ule uharibifu, utapata donge lenye kucha. Panda 0.6 au 0.7, au bora zaidi fungua programu yoyote ya kuchorea, paka mistari minne ya rangi ya ngozi na michirizi myeusi baina yake, hata vibaya vibaya, kisha rudi na 0.5. Modeli inafuata umbo ulilopaka vizuri zaidi kuliko maneno. Maski ifike mpaka kifundo cha mkono na iguse ukingo wa kikombe, ukipaka vidole peke yake vitakuja visivyoungana na kiganja.

Macho yana tabia yake. Kope zilizofumba ni ngozi safi isiyo na kasoro, kwa modeli hapo hapana cha kurekebisha, kwa hiyo chini ya 0.4 utapata kope zimefumba zaidi na ndevu za kope zimekolea. Panda mpaka 0.6 au 0.7. Ukifika 0.9 macho yanafunguka lakini yule si mzee wako tena. Paka macho yote mawili kwa pamoja maski moja, kope mpaka chini ya jicho, nyusi ziache kwani nyusi ndo zinashikilia sura. Ukitengeneza jicho moja kisha jengine, mzee anatoka na makengeza. Padding hapa ipandishe, 64 au zaidi, modeli ione pua na paji la uso ijue kichwa kimeelekea wapi.

```
close-up of an old man's face, open brown eyes looking at
the camera, relaxed eyelids, wrinkles, brown skin, soft
light from the left
```

Usiandike `eyes not closed`. Modeli haielewi vizuri kukanusha, inashika neno `closed` na kukufumbia tena. Hilo neno peleka kwenye kisanduku cha `Negative prompt`, andika `closed eyes`, yatosha. Na toa kadhaa kwa mpigo, seed, ile namba inayoanzisha mchoro, ikiwa -1 ili kila mara ije namba nyengine, uchague, kwani moja moja utachoka.

Yakifunguka, kuza picha utazame ile nuru nyeupe ndani ya mboni. Mwanga wetu unatoka kushoto, basi nuru iwe upande huo huo kwa macho yote mawili. Ikiwa jicho moja iko kushoto na jengine kulia, ichukue ile picha mpya, paka tena macho yote, promti ile ile, safari hii 0.3 hivi, mara nyingi hujipanga, na zikikataa kupangika rudi utupe seed nyengine. Kwa mkono tazama mstari wa maski pale kwenye kanzu, ukiona kama mpaka umechorwa ongeza `Mask blur` kutoka 4 iende 8 au 10.