Stori iliyo tayari na stori iliyoandikwa tu: dhana potofu kuhusu vigezo vya utayari

Dhana: Stori, yaani maelezo mafupi ya hitaji la mtumiaji wa mfumo, ikishaandikwa kwa muundo wa "Kama fulani, nataka hiki, ili nipate kile", iko tayari kuingia kwenye spirinti, kile kipindi kifupi cha kazi ambacho timu hujipangia.

Muundo huo hueleza nani anahitaji nini na kwa sababu gani, lakini hausemi kazi itahesabika kuwa imekamilika ikifikia wapi. Timu yetu ya watu watano hapa Mbeya ilijifunza hilo kwa stori moja ya mfumo wa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wilayani Mbozi: "Kama karani, nataka kusajili mzigo wa mkulima, ili alipwe bila kuchelewa." Ilisomeka vizuri, na hakuna aliyeinua mkono kuuliza. Ishara pekee ilikuwa kwenye makadirio ya ukubwa wa kazi, ambapo mmoja wetu aliipa pointi 3 na mwingine 13. Tukakubaliana 8 ili kikao kiishe. Pengo la namna hiyo kwa kawaida halitokani na mmoja kuwa mvivu na mwingine mchapakazi, bali kila mmoja anakuwa amekadiria kazi tofauti na ya mwenzake.

Spirinti yetu ni ya wiki mbili. Jumatano ya kwanza mtengenezaji programu alikwama: je, uzito unaoandikwa ni pamoja na gunia, au gunia tupu linatolewa kwanza? Mmiliki wa bidhaa, yaani mwenzetu anayeamua mfumo ufanye nini, alikuwa Mbozi kwenye vituo vya ununuzi, msimu ukiwa umepamba moto, na jibu lilifika Ijumaa. Kwa kuwa hakuna anayekaa bure akisubiri, mwenzetu alikuwa amekwisha kufungua stori ya pili. Jumanne iliyofuata mjaribu naye akauliza kama mkulima akileta kahawa mbivu pamoja na kahawa ya maganda iliyokwisha kumenywa na kukaushwa anapewa stakabadhi moja au mbili. Hilo si swali dogo, kwa sababu kilo moja ya maganda hutokana na takriban kilo tano za mbivu, hivyo bei zake haziwezi kulingana. Tulisubiri tena hadi Alhamisi. Siku ya kufunga tulikuwa na stori tatu zilizo wazi, kila moja ikiwa "imebaki kidogo", na hata moja haikuwa imekamilika. Kuandika programu yenyewe kulichukua siku mbili hivi; zilizobaki zilikwenda kwenye kusubiri, kurudia na kukumbuka tulikuwa tumefikia wapi.

Tulipoiandika upya tuliigawa stori hiyo kuwa stori tatu, na ya kwanza ikabaki na kupima pamoja na kutoa stakabadhi tu. Badala ya maelezo marefu tuliweka mifano ambayo mjaribu angeweza kuifuata kwa kidole: magunia 2 yakisoma kilo 121.6 kwenye mizani, na kila gunia tupu likikatwa kilo 1, stakabadhi ionyeshe kilo 119.6, mbivu na maganda vipate stakabadhi mbili, uzito wa sifuri ukataliwe. Mistari hiyo mitatu iliandikwa kwa dakika ishirini, mmiliki wa bidhaa akiwa kwenye simu na karani kando yake.

Dhana: Kusubiri hadi kila jambo lijulikane ndiyo maana ya utayari.

Hapa ndipo timu nyingi zinapotoka kwenye shimo moja na kuingia jingine. Stori ya pili kati ya zile tatu tulizogawa ilihusu kuhifadhi mizigo kwenye simu ya karani pale mtandao unapokatika, na hatukuwa na namna ya kujua kwa mazungumzo peke yake kama simu zao zingehimili. Tulitenga siku moja ya jaribio lenye swali moja, ndipo tukaikadiria. Utayari unadai kwamba yaliyobaki bila majibu yaweze kumalizwa na timu yenyewe ndani ya spirinti. Stori ya tatu, ya malipo kwa simu, ilikosa sifa hiyo: kampuni ya malipo haikuwa imetupatia akaunti ya majaribio, na bila hiyo hakuna ambacho tungeweza kuthibitisha. Iliachwa kwenye orodha ya kazi, ingawa ndiyo iliyokuwa ikiulizwa zaidi na viongozi wa chama.

Dhana: Skramu, utaratibu wa kufanya kazi kwa spirinti, inailazimisha timu kuwa na vigezo vya utayari.

Hailazimishi. Mwongozo wa Skramu wa mwaka 2020 unataja rasmi vigezo vya kukamilika. Kuhusu utayari unasema tu kwamba kipengele ambacho timu inaweza kukikamilisha ndani ya spirinti moja kinahesabika kuwa tayari kuchaguliwa. Mengine ni makubaliano ya timu yenyewe. Kwa hiyo sioni sababu ya kuyageuza kuwa fomu ya kusainiwa, jambo ambalo sisi wenyewe tulilijaribu kwa vigezo kumi na kimoja, tukaishia kuwa na watengenezaji programu wanaorudisha stori kama karani wa masijala anavyorudisha barua isiyo na muhuri. Sasa vimebaki vitatu: mjaribu aweze kusema atakavyojua imepita, kazi itoshe ndani ya spirinti, na kisiwepo kitu cha kusubiri kutoka nje ya timu.